Lugha ya Mkataba wa Nyumba (2): Dipoziti Si Kodi ya Mwezi wa Mwisho

Juma lililopita tulimwacha mpangaji wetu na kalamu mkononi, mkataba uko mezani, hajautia saini. Leo na atie, kisha tumfuate hadi siku atakayohama, kwa maana maneno ya mkataba huonyesha makali yake siku hiyo.

Tuseme chumba kiko Bamburi, Mombasa, na kodi ni shilingi 9,000 kwa mwezi, hulipwa tarehe 1, isipite tarehe 5. Asubuhi ya kupewa funguo kijana anatuma shilingi 20,000 kwa M-Pesa. Zimekwenda kwa mkupuo mmoja, lakini si pesa za aina moja. Shilingi 9,000 ni kodi ya mwezi wa kwanza, na hizo sasa ni za mwenye nyumba. Shilingi 9,000 nyingine ni dipoziti ya chumba, na 2,000 zilizobaki ni dipoziti ya maji na stima. Wengine huandika amana, nami nalipenda zaidi neno hilo, kwa sababu amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwenzake. Hizo 11,000 bado ni za mpangaji. Mwenye nyumba amezishika ili siku ya kuagana akate kodi isiyolipwa, bili zilizobaki na gharama ya kilichoharibiwa, kisha arudishe salio.

Kuharibu si sawa na kuchakaa. Rangi iliyofifia kwa jua na sakafu iliyolika kwa kukanyagwa ni uchakavu wa kawaida, na mikataba mingi huutenga kwa maneno hayohayo. Kioo kilichopasuka ni uharibifu. Ugomvi huzuka pale pasipo na anayekumbuka kioo kilikuwaje mwanzoni. Kwa hiyo, kabla ya kuingiza godoro, piga picha kila ukuta, dirisha na bomba, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Sasa kijana ameamua kuhama mwishoni mwa Oktoba. Kodi ya Oktoba halipi. Anajiambia kuwa dipoziti ipo, itaifidia. Tarehe 6 ikifika, zile 9,000 zimeshakuwa malimbikizo, yaani kodi ambayo siku yake imepita. Haidhuru kwamba amana yake ni kubwa kuliko deni. Mikataba mingi husema waziwazi kwamba dipoziti haitatumika kama kodi, na mwenye nyumba anayedai malimbikizo anaweza, kwa kufuata sheria, kumtuma dalali mwenye leseni kukamata vyombo.

Malimbikizo yana tabia nyingine ambayo wapangaji wengi hawaitambui. Ukiruka Agosti kisha ukalipa Septemba bila kusema pesa ni za mwezi gani, mwenye nyumba ana haki ya kuziandika kwenye deni la Agosti. Utalipa kila mwezi na bado utaitwa mdaiwa. Ujumbe wa M-Pesa hutaja siku uliyolipa, hautaji mwezi unaoulipia. Dai risiti inayoutaja.

Turudi kwa kijana wetu. Tarehe 10 Oktoba anamwambia keteka kwamba anahama. Hiyo ndiyo notisi yake, na imechelewa. Mkataba wake ni wa mwezi kwa mwezi na haukutaja muda wa notisi. Mkataba ukiwa kimya hivyo, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 huuzungumzia: notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, na iishe siku ambayo kodi hulipwa. Mwezi mmoja kutoka tarehe 10 Oktoba unaishia tarehe 10 Novemba, ambayo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Desemba. Novemba nayo imeingia kwenye hesabu, hata kama kijana atalala kwa shangazi yake Likoni.

Mwenye nyumba anaandika: Oktoba 9,000, Novemba 9,000, maji 1,300, kioo 1,200. Jumla ni 20,500. Akitoa amana ya 11,000, kijana anadaiwa 9,500.

Lau angeandika notisi mwishoni mwa Septemba, ingeisha tarehe 1 Novemba. Angelipa kodi ya Oktoba kwa wakati wake, na kwenye amana zingekatwa 2,500 za maji na kioo tu. Angehama na shilingi 8,500 mkononi, nazo karibu zinatosha kodi ya mwezi wa kwanza kwenye chumba kingine kama hicho.

Juma lijalo: kifungu cha kupandisha kodi, na mahali kinapofichwa.