Jozi moja ya altere, siku tatu kwa juma

Katika nyumba nyingi za Goma utakuta altere kwenye kona: chuma kifupi chenye makopo mawili yaliyojazwa simenti. Kijana anaziinua mbele ya kioo, anakunja mikono mara mia moja, na kiisha mwezi anaziacha. Mikono imechoka, lakini miguu, mgongo na kifua havijapata kazi yoyote. Tuone namna gani jozi hiyo moja inaweza kufanyisha mwili wote kazi, kwa mtu ambaye hajazoea.

Ujue kwanza uzito wake

Altere za kujitengenezea zinadanganya. Makopo mawili yanayofanana yanaweza kupitana kwa kilo nzima, juu ya mchanga mwingi au mashimo ndani. Mawe yetu ya volkano nayo yana matundu, kwa hiyo jiwe kubwa linaweza kuwa jepesi kuliko unavyofikiri. Peleka altere zako kwa muuza maharagwe, uzipime kwenye mizani, na uandike kilo kwa rangi. Tena zikamate na kuzitikisa. Kopo likizunguka kwenye chuma, usiziinue juu ya kichwa, kwani siku moja litachomoka. Fundi mzuri hupitisha misumari katika ncha za chuma mbele ya kumwaga simenti, ili ishike.

Tuseme kijana wa Ndosho ana miaka 19, uzito wake ni kilo 60, na kila altere yake ina kilo 7. Tutamfuata yeye.

Mazoezi matano

Mwili mzima unafanya kazi ukichuchumaa, ukiinama, ukivuta, ukisukuma mbele na ukisukuma juu. Mengine yanaweza kungoja.

Kuchuchumaa: weka altere juu ya mabega, miguu imeachana kadiri ya mabega, shuka kama mtu anayekaa kwenye kiti kifupi, kisigino kisiinuke. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasigongane.

Kuinama: simama, altere mbele ya mapaja. Sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango nayo, altere zishuke karibu na miguu mpaka chini kidogo ya magoti, kiisha simama. Mgongo ubaki umenyooka.

Kuvuta: egemeza mkono mmoja kwenye benchi, mwingine uvute altere mpaka ubavuni.

Kusukuma mbele: hapa acha altere, ufanye pompi. Mtu akifanya pompi anasukuma karibu theluthi mbili za uzito wake. Kwa kijana wetu ni karibu kilo 40, wakati altere zake mbili ni 14 tu. Akishindwa pompi za chini, aweke mikono kwenye benchi lililoegemea ukuta.

Kusukuma juu: simama, sukuma altere kutoka mabegani mpaka mikono inyooke. Kaza tumbo, usijikunje nyuma.

Siku tatu

Fanya siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano. Siku ya posho na yenga mwili unapumzika. Kila mara fanya mazoezi yote matano, lakini badilisha la kuanza nalo: siku ya kwanza kuchuchumaa, siku ya tatu kusukuma juu, siku ya tano kuinama. Zoezi la kwanza ndilo linalopata nguvu mpya, basi kila moja lipate zamu.

Juma mbili za kwanza, fanya duru 2 za mara 8 kwa kila zoezi. Kuanzia juma la tatu fanya duru 3. Pumzika dakika 2 kati ya duru na duru. Acha ukiona ungeweza kurudia mara 2 tena, si zaidi. Kwa mwanzo huhitaji kujimaliza. Yote inachukua karibu dakika 45.

Sehemu ngumu: uzito haubadiliki

Wakati wa vita ya pili ya dunia, daktari Thomas DeLorme wa jeshi la Amerika alitibu askari waliolegea miguu juu ya majeraha. Aliwapa uzito na kuuongeza kidogo kidogo kadiri walivyopata nguvu, na mwaka 1945 aliandika juu ya njia hiyo. Msingi ni uleule hata leo: kazi isipoongezeka, nguvu inasimama. Lakini kijana wetu hana kilo za kuongeza. Tena kilo 7 ni nzito kwa bega na nyepesi kwa mguu. Basi kila zoezi liende kwa mwendo wake.

Kwenye kusukuma juu, juma la tatu anapata mara 8, 7 na 6. Anaandika katika kaye. Kila siku anatafuta kuongeza hata mara moja tu katika duru moja. Huenda akatumia miezi miwili mpaka afike 12, 12 na 12, na hiyo ni sawa.

Kwenye kuchuchumaa, juma la tatu tayari anafanya 15 bila shida. Kuendelea mpaka 50 kutampa pumzi kuliko nguvu. Abadilishe: mguu wa nyuma auweke juu ya kiti, ashuke na mguu mmoja wa mbele, akihesabu mpaka 3 wakati wa kushuka. Mara 8 kila mguu zitamtosha. Kuinama vilevile: asimame kwa mguu mmoja. Kwenye kuvuta, asimamishe altere ubavuni sekunde 2 mbele ya kuishusha. Altere ni zilezile, lakini mwili unapata kazi mpya.

Namna ya kujua kuna shida

Kwenye kuinama, mgongo ukijikunja kama upinde, kiuno ndicho kinabeba. Omba ndugu yako aweke mti wa ufagio kando ya uti wako: uguse kichwa, mgongo wa juu na chini kwenye makalio. Ukiacha kugusa mahali pamoja, hapo ndipo ulipopaswa kusimama, usishuke zaidi.

Maumivu ya nyama siku ya pili ni ya kawaida, na yanapungua kiisha siku mbili au tatu. Maumivu makali ndani ya kiungo, au yanayokuja ghafla wakati wa kuinua, ni ya kuacha zoezi lile. Na mtu akifanya kupita kiasi, kiisha mkojo ukawa wa rangi ya kahawia na nyama zikavimba, aende hospitali siku ileile. Nyama zimevunjika ndani, na figo ziko hatarini.

Kuna neno pia kwa wanaochimba Rubaya na wanaosukuma chukudu. Kubeba mifuko mchana mzima tayari ni kazi ya miguu na mgongo. Siku hiyo usiiongezee kuinama wala kuchuchumaa. Fanya pompi na kusukuma juu tu, ama pumzika. Kaye yako itakuambia: hesabu zikishuka mara tatu mfululizo, mwili haujapona. Kwa juma moja rudi kwenye duru 2, lala vizuri, kula maharagwe na sambaza zako, kiisha uendelee ulipoachia.