Maombi Mawili Katika Barua Moja: Mwanafunzi wa Udaktari Anapomwandikia Daktari Bingwa

Daktari bingwa wa hospitali ya rufaa husoma barua pepe zake kati ya raundi ya wodi na kliniki, mara nyingi kwenye simu, akiwa amesimama. Miongoni mwa zinazomsubiri huwamo ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari ambaye hajawahi kumwona. Ndani yake kuna maombi mawili: nafasi ya kujifunza kwa vitendo katika idara yake, na barua ya mapendekezo. Ombi la kwanza lina nafasi nzuri ya kukubaliwa. La pili, likiletwa vibaya, hulizamisha la kwanza.

Vyuo vingi vya tiba duniani huwatengea wanafunzi wanaokaribia kumaliza wiki kadhaa za kujichagulia mahali pa kujifunzia. Wanafunzi wenyewe hukiita kipindi hiki elektivu. Katika chuo kimoja ni wiki nne, katika kingine ni nane. Mwanafunzi aliyezoea kupangiwa wodi na chuo chake sasa anajichagulia idara, hospitali na hata nchi, na kazi ya kuomba nafasi humwangukia yeye.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa tano mjini Dar es Salaam anayevutiwa na magonjwa ya ngozi. Anaitazama Hospitali ya KCMC mjini Moshi, na ana sababu ya kuitazama. Hapo ndipo kilipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992 na ambacho kimefundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo pia ndipo yalipoanzia mafuta ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua, watu ambao saratani ya ngozi huwapata mapema na kwa ukali. Mwanafunzi huyu anaandika hivi:

"Shikamoo Profesa. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwenye bidii na nidhamu. Naomba nafasi ya elektivu katika hospitali yako mwaka huu. Pia naomba uniandikie barua ya mapendekezo kwa ajili ya masomo yangu ya baadaye. Nitashukuru sana kwa msaada wako."

Adabu imo, na ni vyema imo. Kilichokosekana ni kila kitu ambacho profesa anakihitaji ili ajibu. Hajui mwandishi anasoma chuo gani, yuko mwaka wa ngapi, anataka kuja lini na kwa wiki ngapi, wala kwa nini amechagua ngozi na si upasuaji. Ili amsaidie, inambidi amwandikie kwanza kumuuliza maswali matano, na mtu mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango haandiki maswali matano. Halafu kuna ile sentensi ya mapendekezo. Inamtaka amsemee vizuri mtu ambaye hajamwona akimpima mgonjwa hata mmoja. Daktari mwangalifu akifika hapo huanza kuwa na shaka na barua nzima.

Sasa isomwe ileile baada ya kuandikwa upya. Barua za namna hii mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia vyuoni, lakini mpangilio ni huuhuu. Kichwa chake: "Ombi la elektivu ya magonjwa ya ngozi, wiki 4, kuanzia Julai, mwanafunzi wa mwaka wa 5."

"Shikamoo Profesa. Ninasoma mwaka wa mwisho wa udaktari jijini Dar es Salaam. Naomba kujifunza katika kliniki yenu ya ngozi kwa wiki nne mwezi Julai. Tarehe zinaweza kusogezwa kwa wiki moja au mbili. Katika mzunguko wangu wa upasuaji nilihudumia wagonjwa wawili wenye ualbino waliofika saratani ikiwa imeshasambaa, na ningependa kujifunza jinsi mnavyoyatambua na kuyatibu madoa ya awali kabla hayajafikia hapo. Nimeambatisha wasifu wangu, matokeo ya mitihani na barua ya utambulisho ya chuo. Kama maombi hupitia ofisi ya mafunzo, naomba unielekeze niwaandikie. Mwisho, Profesa, iwapo baada ya wiki hizo utaona umeifahamu kazi yangu vya kutosha, nitaomba kukuorodhesha kama mdhamini. Ukiona muda haukutosha, nitaelewa."

Barua ya pili ni ndefu zaidi, lakini humchukua msomaji muda mfupi kuijibu. Anaweza kuandika neno "Karibu" na jina la ofisi ya kuwasiliana nayo, basi. Hata kichwa kina kazi. Simu huonyesha kichwa na mstari wa kwanza tu, kwa hiyo mstari unaoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" hutumia nafasi ileile ambayo ingemwambia daktari ni nani anayeomba na anaomba nini. Mwanafunzi mwenye anwani ya barua pepe ya chuo aitumie, kwa sababu humsaidia mpokeaji kuamini kwamba mwandishi ni mwanafunzi kweli.

Sentensi kuhusu wagonjwa wawili ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa haiwezi kunakiliwa na kutumwa hospitali ishirini. Lakini iangaliwe isivuke mpaka: hakuna jina la mgonjwa, hakuna namba ya faili, hakuna picha. Mwanafunzi anayemtumia daktari asiyemjua picha ya uso wa mgonjwa ili kuonyesha hamu yake ameshajifungia mlango. Vilevile mwanafunzi aliyekulia Muscat au London na anayezungumza Kiswahili vizuri aliseme hilo waziwazi. Ataweza kuchukua historia ya mgonjwa wa Moshi bila mkalimani, na idara inayompokea itapata mtu wa kushiriki kazi badala ya kutazama tu.

Jambo moja huwashangaza wengi: daktari bingwa, hata akiwa mkuu wa idara, kwa kawaida hana mamlaka ya mwisho juu ya nafasi hiyo. "Karibu" yake ni mwanzo. Ofisi ya mafunzo huangalia idadi ya wanafunzi waliokwisha kupangwa wodini, ada, barua ya chuo, na vibali kwa anayetoka nje ya nchi. Mwanafunzi akinunua tiketi ya basi au ndege kwa kutegemea jibu la daktari peke yake, anaweza kufika na kukuta jina lake halimo kwenye orodha yoyote.

Karatasi inayowachelewesha wengi ni ya chanjo. Hospitali nyingi hudai uthibitisho wa kinga ya homa ya ini aina ya B. Kwa ratiba ya kawaida sindano ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kipimo cha damu cha kuthibitisha kwamba kinga imejengeka hufanywa mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza chanjo Januari hawezi kuwa na uthibitisho kamili ifikapo Julai. Hilo halirekebishwi kwa barua nzuri. Inafaa pia kuuliza mapema nini hufanyika mwanafunzi akichomwa na sindano iliyotumika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28. Katika hospitali ya mbali, mwanafunzi lazima ajue siku ya kwanza zinapatikana wapi na nani anazilipia.

Turudi kwenye mapendekezo, maana ndiyo sehemu isiyoeleweka zaidi. Barua ya utambulisho hutolewa na chuo na huthibitisha tu kwamba fulani ni mwanafunzi wao. Barua ya mapendekezo ni ushahidi wa mtu mmoja aliyeona kazi. Taasisi inayoisoma, iwe ya masomo ya ubingwa, ufadhili au utafiti, hutafuta mambo matatu: mwandishi amemfahamu mwombaji kwa muda gani, alimfahamu katika nafasi gani, na alimwona akifanya nini. Barua isemayo "alihudhuria vizuri, ana tabia njema na heshima" haijibu la tatu, na wasomaji wazoefu huichukua kuwa njia ya upole ya kusema mwandishi hana la kusema.

Barua yenye nguvu husimulia tukio. Tuseme mwanafunzi wetu, siku ya nane kliniki, anampima kijana mwenye ualbino aliyekuja kwa kidonda cha mkono. Anaomba ruhusa ya kumkagua kichwa na nyuma ya masikio, mahali ambapo jua hupiga na mgonjwa hajioni, anakuta doa lenye magamba ambalo halimo kwenye faili, na anamwita daktari kabla ya mgonjwa kuondoka. Daktari aliyeshuhudia hilo ana aya nzima ya kuandika, na hahitaji kutumia neno "bidii".

Wiki nne ni fupi, na kliniki ina wengi. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka ushahidi huo hufanya vyema kumwomba msimamizi wake dakika kumi mwishoni mwa wiki ya pili amweleze anachokosea. Hapo kuna faida mbili: bado zimebaki wiki mbili za kurekebisha, na daktari anaanza kumtofautisha na makoti meupe mengine. Muda ukiisha, ombi la mapendekezo liende na ukurasa mmoja wa mambo ya hakika: tarehe alizokuwepo, kazi alizofanya, tukio moja au mawili ya kumkumbusha daktari, taasisi inayoomba barua, na siku ya mwisho ya kuipokea. Wiki tatu kabla ya siku hiyo ni muda wa heshima.

Madaktari wengine wenye shughuli nyingi humwambia mwanafunzi, "Andika mwenyewe, nitasaini." Ukurasa wa mambo ya hakika ni jibu bora kuliko kukubali. Barua aliyojiandikia mtu hukosa kile ambacho msimamizi peke yake angeweza kukisema, na wadhamini wawili wakiwasilisha barua zenye sentensi zinazofanana, ombi lote hutiliwa shaka. Mara nyingi barua hutumwa moja kwa moja kwa taasisi bila mwombaji kuiona, na ni haki iwe hivyo. Ushahidi anaoweza kuuhariri anayeshuhudiwa hauna thamani kwa anayeusoma.

Ikiwa jibu la barua ya kwanza halijaja, wiki mbili ni subira ya kutosha. Kumbusho moja litumwe kama jibu la barua ileile ili daktari asianze kuitafuta, na liwe sentensi mbili. Kumpigia simu usiku au kumtafuta kwa namba aliyoitoa rafiki ni kumfanya akumbuke jina kwa sababu isiyofaa.

Na kwa madaktari wanaozipokea barua hizi kuna ombi: kama idara imejaa, au kama humfahamu mwanafunzi vya kutosha kumwandikia, mjibu hivyo kwa mstari mmoja ndani ya wiki ya kwanza. "Hapana" iliyofika mapema humpa muda wa kuomba hospitali nyingine kabla nafasi zake hazijaisha.