Salio Sifuri: Kuufunga Mfuko wa Laini ya Mtoto

Wazazi wengi wa Kenya huamini kwamba laini ya malipo ya kabla hujiwekea mpaka yenyewe: ukimtumia mtoto shilingi 100, hizo ndizo atakazotumia, zikiisha basi. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama muda wa maongezi ungetoka kwenye laini kwa njia moja tu, yaani mtoto anapopiga simu. Lakini salio lililokaa wazi lina milango kadhaa, na mingine hufunguka bila mtoto kugusa kitufe chochote.

Kwanza kuna intaneti. Bando likiisha katikati ya video, simu ambayo data yake imewashwa huendelea kuvuta, na kila megabaiti hukatwa kwenye salio la kawaida kwa bei iliyo juu kuliko ya bando. Mlango wa pili ni namba fupi za tarakimu tano. Mtoto anaona tangazo la mchezo, la wimbo au la matokeo ya kandanda, anatuma neno moja, na papo hapo amejiandikisha. Kuanzia siku hiyo laini hupokea ujumbe unaolipiwa na mpokeaji. Tuseme kila ujumbe ni shilingi 10 na huja mara moja kwa siku: mwezi ukiisha, shilingi 300 zimekwenda, na mtoto hajampigia mtu hata mara moja. Halafu kuna ile simu inayolia mara moja na kukatika, kutoka namba ya nchi ya mbali. Mtoto akiirudisha, anaunganishwa na namba ya gharama kubwa, husikiliza muziki au mlio wa kusubiri, na kila dakika anayongoja inawaingizia pesa waliopiga.

Milango hii yote ina sharti moja linalofanana: lazima pawe na salio wazi la kukatwa. Ndiyo maana, kati ya mipaka yote ambayo mzazi anaweza kuiweka, nauona huu kuwa na nguvu kuliko mingine: laini ya mtoto isikae na muda wa maongezi ambao haujageuzwa kuwa bando. Mnunulie bando la data, na la dakika na jumbe ukipenda, kisha salio lenyewe liwe sifuri. Ujumbe wa kulipia ukija hautapata cha kukata, na simu ya ng'ambo haitatoka.

Tuchukue mzazi wa Kisauni, Mombasa, mwenye binti wa miaka 12 na laini ya Safaricom. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, kwa kuwa mtoto hana kitambulisho hadi atimize miaka 18. Kabla ya kununua chochote, mama anaishika simu ya binti na kupiga *544#, menyu ya bando za data, na humo anazima matumizi ya intaneti nje ya bando. Safaricom iliwapa wateja uwezo huo Oktoba 2019, ilipoleta pia bando zisizo na muda wa kuisha. Kuanzia hapo bando likiisha, intaneti husimama, na salio haliguswi.

Hatua inayofuata ni *456*9*5#, ambako mteja husimamisha jumbe za matangazo. Ile huduma ambayo binti alikwisha kujiandikisha huondolewa kwa kutuma neno STOP kwa namba ileile fupi inayoleta ujumbe. Utaijuaje kama imejificha? Tazama salio asubuhi na jioni kwa siku chache. Likipungua kwa kiasi kilekile kila siku, karibu saa ileile, huyo si mtoto anayepiga simu, ni usajili unaokata.

Hapo ndipo mama humnunulia binti bando kutoka simu yake mwenyewe, badala ya kumtumia muda wa maongezi. Tofauti ni kubwa. Muda wa maongezi ni pesa tupu inayoweza kwenda popote, bando tayari limekwisha kupewa kazi. Ukubwa wake utegemee kazi aliyopewa binti. Jumbe za WhatsApp na kusoma kurasa hula kidogo sana, ila video ya ubora wa kati inaweza kumaliza takribani nusu gigabaiti kwa saa. Bando la gigabaiti moja kwa wiki humtosha mwanafunzi kwa maswali ya shule na mazungumzo na binamu zake, na halimtoshi kutazama video kila usiku. Huo ndio mpaka wenyewe.

Je, akikwama njiani bila salio? Anaweza kupiga simu ya kulipiwa na mpokeaji, kwa kuweka alama ya # mbele ya namba ya mama. Mama akikubali, gharama inakuwa yake. Mfundishe hili siku ya kwanza na mlijaribu pamoja, maana mtoto asiyejua njia ya kukufikia atatafuta salio kwingine.

Na kwingine kwenyewe kupo: Okoa Jahazi. Mkopo huu wa muda wa maongezi huombwa kwa *131#, una ada ya asilimia 10, na humwaga salio wazi kwenye laini uliyojitahidi kuiacha tupu. Mtoto akikopa shilingi 50, anapokea 45. Siku mtu akimwekea muda wa maongezi, deni hukatwa kwanza. Shangazi akituma 50 na mtoto akasema hakuona kitu, usikimbilie kumlaumu kwa uongo, angalia deni kwanza. Marafiki pia humsambazia muda wa maongezi, na hapo hakuna menyu ya kukusaidia; ni jambo la kukubaliana naye, kwamba akitumiwa chochote akigeuze bando mara moja.

Simujanja za Android zina kipimo chao cha data, sehemu inayoandikwa Data warning & limit. Kiwasheni, kinasaidia mtoto kuona anavyotumia, lakini usikitegemee kama kufuli. Yeyote anayeishika simu ikiwa wazi anaweza kukiondoa, na hakihesabu kabisa intaneti ya Wi-Fi ya jirani. Mipaka iliyo kwenye mtandao hudumu zaidi. Zuio la simu za ng'ambo, kwa mfano, huwekwa kwa *331*, ikifuatwa na namba ya siri ya zuio ambayo mtandao hukupa, kisha #. Ukipiga *#331# utaona kama limeshika. Zuio hilo hubaki hata laini ikihamishiwa simu nyingine, ila halizuii simu za WhatsApp.

Kwa mtoto mwenye kabambe kuna dawa kali zaidi, inayoitwa Fixed Dialing Numbers kwenye menyu ya simu. Unaingiza PIN2 ya laini, unaandika orodha ya namba, na laini haitapiga wala kutuma ujumbe nje ya orodha hiyo. Usibahatishe PIN2: ukikosea mara tatu inajifunga. Kwenye simujanja siipendekezi, kwa sababu simu nyingine huzima pia data na menyu za nyota. Namba za dharura kama 112 na 999 hupita hata zisipoandikwa. Namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, 116, iandike mwenyewe kwenye orodha, usiiache kwa bahati.

Kabla hujabadili kitu chochote, chukua laini ya mtoto leo jioni, mbele yake, na mtazame mambo mawili: salio lililobaki, na deni lililo kwenye *131#. Deni likiwapo, lilipeni kwanza, kisha anzeni na sifuri.