Tarawehe: Imamu Asome Kiasi Gani?

Sala ya tarawehe husaliwa kila usiku wa Ramadhani baada ya isha, na sheria haikuiwekea idadi maalumu ya aya. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kisomo cha lazima katika kila rakaa ni Alhamdu. Kinachosomwa baada yake ni sunna, iwe aya chache au sura nzima. Ndiyo maana msikiti mmoja unaweza kumaliza mapema na wa jirani ukakawia, na sala za wote zikasihi.

Masahaba walisoma kwa kirefu. Imamu Malik amepokea katika kitabu chake Muwatta kwamba Sayyidna Umar alimwamuru Ubayy bin Kaab na Tamim Addari wasalishe watu, na msomaji alikuwa akisoma sura za mamia ya aya hata watu wakiegemea fimbo kwa urefu wa kusimama, wakaondoka alfajiri ikikaribia. Lakini imepokewa pia kwamba Umar huyohuyo aliwapangia wasomaji kwa kadiri ya kasi yao: mwepesi asome aya 30 katika rakaa, wa wastani 25, na mwenye kusoma taratibu 20. Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba aliyesoma taratibu hakuambiwa aongeze kasi. Alipunguziwa aya.

Wanavyuoni wengi wamependekeza Kurani nzima ikhitimiwe katika tarawehe za mwezi, na hesabu yake si ngumu. Msahafu uliozoeleka, ule wa Madina, una kurasa 604, na kila juzuu ni kama kurasa 20. Msikiti unaosali rakaa 20 na kusoma juzuu moja kwa usiku hupata ukurasa mmoja kwa kila rakaa. Wanaosali rakaa nane hupata kurasa mbili na nusu, kwa hiyo rakaa zikipungua kisimamo hurefuka. Wanaotaka kukhitimu usiku wa 27 inawabidi wasome zaidi ya kurasa 22 kila usiku. Hafidhi anayesoma kwa mwendo wa haraka lakini wazi huchukua kama dakika moja na nusu hadi mbili kwa ukurasa. Hizo ni dakika 30 hadi 40 za juzuu peke yake, kabla ya kuhesabu Alhamdu 20, rukuu, sijida na tahiyatu. Kwa jumla, saa moja na zaidi.

Pasipo hafidhi, au palipojaa wazee na watu wa kazi za alfajiri, misikiti mingi ya Kishafii duniani ina mpango mwingine. Rakaa ya kwanza husomwa Alhaakumu, ya pili Kulhuwallahu. Ya tatu Wal-asri, ya nne Kulhuwallahu tena, na hivyo hivyo mpaka Tabbat. Kutoka Alhaakumu hadi Tabbat ni sura 10, nazo zikiunganishwa na Kulhuwallahu hutimia rakaa 20 sawasawa. Hakuna ubaya kusali hivyo.

Ubaya unaingia pale imamu anapotaka juzuu nzima kwa muda wa sura fupi. Kasi ikizidi, herufi humezwa. Alhamdu, pamoja na Bismillahi yake, ina shadda 14, na kwa Mashafii kuiacha shadda moja huharibu kisomo hicho ambacho ni nguzo ya sala. Dalili ni rahisi kuziona hata kwa asiyejua tajwidi: maamuma anayesoma kwa mwendo wa kawaida hawahi kumaliza Alhamdu kabla imamu hajarukuu, au mgongo haujatulia kwenye rukuu imamu keshainuka. Kutulia katika rukuu na sijida ni sharti la sala, haliondolewi na wingi wa rakaa.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alikemea kosa la upande wa pili. Katika zama zake baadhi ya maimamu walikuwa wakisoma Suratul An'am nzima, aya 165, katika rakaa ya mwisho ya usiku wa saba, wakidhani ni sunna. Aliona hapo makosa kadhaa kwa pamoja: rakaa ya pili kuwa ndefu kuliko ya kwanza, maamuma kutaabishwa, na kisomo chenyewe kuharakishwa.

Katika Hadithi ya Abu Huraira, Mtume (S.A.W.) ameamuru anayesalisha watu apunguze, kwa kuwa nyuma yake wamo wanyonge, wagonjwa na wazee, na anayesali peke yake arefushe atakavyo. Ikiwa jamaa wote wameridhia kisomo kirefu, imamu ana ruhusa ya kurefusha. Wasipokuwa radhi, au hali zao zisipojulikana, apunguze aya, asipunguze Alhamdu wala utulivu wa sijida.