Mawe Juu ya Paa, Hasara Dola 25

Agosti 19, 1966, gazeti moja la kila wiki katika jimbo la Maine, Marekani, lilitoa habari fupi. Mawe yameanguka kutoka angani, mchana kweupe bila wingu, juu ya nyumba ya mama mmoja mjane katika mji mdogo wa Chamberlain. Paa limeharibika vibaya, mifereji miwili ya maji ya mvua na bomba lake havifai tena, na hasara ni kama dola 25. Mama huyo anaishi na binti yake wa miaka mitatu. Hakupatikana kutoa maelezo.

Mji huo ni wa kubuni, na gazeti hilo pia ni la kubuni. Ndivyo inavyofunguka Carrie, riwaya ya kwanza ya Stephen King kuchapishwa, iliyotoka Aprili 1974. Zitazame hizo dola 25. Mwandishi wa habari amekutana na jambo lisiloingia akilini, naye akafanya lile analolifanya kila siku: akaulizia hasara. Hakushangaa, hakuapa kwamba ni kweli. Mtu akija mbio akasema mawe yameshuka kutoka mbinguni, utamtazama mara mbili. Akikwambia bei ya mfereji uliovunjika, unaanza kumsikiliza.

Riwaya za namna hii, zinazosimuliwa kwa makaratasi ya watu wengine, hazikuanza na King. Bram Stoker aliiunda Dracula mwaka 1897 kwa shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti. Meli inapoingia kwa dhoruba katika bandari ya Whitby, nahodha wake akiwa maiti iliyofungwa kwenye usukani, habari tunaipata gazetini. Mwandishi anaeleza kwamba mbwa mkubwa aliruka kutoka melini akatokomea, kisha anaongeza kwamba wanachama wa chama cha kutetea wanyama wanamtafuta ili wamtunze. Msomaji anajua mbwa yule ni nani. Wale waungwana wa Whitby wanahangaika kumtafutia chakula.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mtindo huu, na wengi wanaouiga hawaioni. Wanadhani hati zinawekwa ili kutoa taarifa, kumbe kazi yake kubwa ni kukosea. Kila karatasi ina mwenyewe, ina anayeandikiwa, na ina jambo ambalo mwandishi wake hawezi kuliona. Msomaji peke yake ndiye aliyeshika jalada zima.

King mwenyewe amesimulia kwamba rasimu yake ilikuwa ndefu mno kuitwa hadithi fupi na fupi mno kuitwa riwaya, hivyo akatunga hati za kuijaza. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini hati zile zikageuka uti wa mgongo wa kitabu. Kisa ni cha Carrie White, msichana anayeonewa shuleni na kuteswa nyumbani na mama aliyelewa dini, mwenye uwezo wa kusogeza vitu kwa nia tu. Katika dansi ya shule, Mei 1979, wenzake wanammwagia damu ya nguruwe mbele ya umati. Analipiza kwa kuuteketeza mji. King hakulificha janga hilo hata kidogo. Mapema kabisa, katikati ya simulizi la kawaida, anatuchomekea kurasa za kitabu cha mtaalamu aliyelichunguza miaka ya baadaye, kumbukumbu za msichana aliyenusurika, na ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya White. Tunajua watu watakufa. Kwa hiyo Carrie anapochagua kitambaa na kujishonea gauni la dansi, tunamwona msichana mwenye furaha huku ripoti ya vifo vya wenzake iko mkononi mwetu.

Kumbuka pia kwamba kitabu kilitoka 1974 ilhali janga ni la 1979. Wasomaji wa kwanza walikuwa wakisoma magazeti ya siku ambazo hazijafika, yaliyoandikwa kwa utulivu kana kwamba yamekwisha kusahaulika kabatini.

Kwangu mimi, sehemu bora ni za mahojiano ya Tume. Shahidi mmoja, Thomas Quillan, aliyekuwa mtaani usiku ule, anasema alimwona Carrie White. Anaulizwa: ulikuwa unamfahamu? Hapana. Basi ulijuaje kuwa ni yeye? Anajibu kwamba alijua tu. Wanamrudia, wanambana, naye hana jibu jingine. Mashahidi wengine nao wanasema vivyo hivyo. Katika usimulizi wa kawaida mwandishi angelazimika kueleza jinsi msichana yule alivyoingia vichwani mwa watu wa mji mzima. Katika kumbukumbu za Tume hakuna maelezo. Kuna mtu mkweli aliyekaa mbele ya wasomi wasiotaka kumwamini, na mwandishi wa kumbukumbu anayeandika kila neno. Ukaidi wa wanaouliza ndio unaotufanya tumwamini anayejibu.

Mtindo huu huharibika kwa urahisi. Dalili ya kwanza ni karatasi zote kuwa na sauti moja: polisi, daktari na mwandishi wa habari wote wanaogopa kwa ufasaha uleule. Ya pili ni hati inayojua mengi kuliko inavyopaswa. Chukua mfano wa kubuni, ofisa mtendaji wa kata anayemwandikia mkubwa wake wilayani. Mtunzi mchanga atamfanya aandike kwamba mikono inamtetemeka na kwamba kuna kitu kibaya chini ya ardhi. Hakuna mtendaji anayeandika hivyo akategemea kubaki kazini. Ataandika:

YAH: HALI YA MAJI KATIKA VISIMA VYA KIJIJI

Rejea somo tajwa hapo juu. Napenda kukujulisha kuwa maji ya visima vyote vitatu yamekuwa ya moto tangu Jumanne. Wananchi wameelekezwa kuyapoza kabla ya matumizi. Aidha, ofisi inaomba mifuko miwili ya saruji kwa ajili ya kufunika kisima cha tatu.

Ile saruji inatisha kuliko mikono yote inayotetemeka. Kwa nini kisima cha tatu tu? Mtendaji hasemi, kwa sababu barua ya kikazi haina nafasi ya kulisema. Barua ya pili ikitoka kwa mtu mwingine, tuseme mwenye duka anayedai malipo ya mifuko kumi, msomaji atafanya hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wa karatasi ndiyo sauti ya mwandishi, kwa kuwa sauti nyingine amejinyima. King anaijua kanuni hiyo mpaka mwisho. Baada ya kurasa nyingi za ushahidi, Tume inahitimisha kwamba hakuna sababu ya kuamini jambo kama hili litatokea tena. Hati inayofuata ni barua ya mwaka 1988 kutoka Tennessee. Mama mmoja, mwenye tahajia mbovu na moyo mchangamfu, anamweleza dada yake jinsi mtoto wake mdogo anavyochezesha gololi bila kuzigusa. Anamsifu. King haongezi neno.

Brian De Palma alipoitengeneza filamu mwaka 1976 aliziacha hati hizo zote, na kwa sinema huenda alikuwa sahihi. Kamera yake iko ukumbini, inaona kila kitu, wala haihitaji shahidi. Alipofika mwisho alitafuta njia nyingine ya kusema jambo halijaisha, akatoa mkono kaburini. Watu waliruka vitini. Aliyeitazama filamu tu, hata hivyo, hajawahi kukutana na Tume, na sidhani kama kuna kitu kitabuni kinachotisha kuliko watu wale wa heshima, mezani kwao, wakitia saini kwamba yamekwisha.