Mapepa Yaliyovuja Hayawashi Seva

Swali ni lilelile, liwe limetoka Mwanza, Mombasa au Kampala: "Kaka, unayo mapepa ya RHCSA yaliyovuja?" Nimechoka kulijibu kwa adabu. Wanaouliza si wavivu. Wamechanga fedha nyingi kwa ajili ya mtihani huu wa Red Hat, na wengi wanalishwa imani moja potofu na wauzaji wa majibu: kwamba ukikariri amri za kutosha umeshafaulu, na ukifaulu umeshaajiriwa.

Imani hiyo imetoka kwenye mitihani ya kuchagua jibu. LPIC-1, kwa mfano, ina karatasi mbili za kuchagua na kujaza, na huko kukariri kunaweza kumfikisha mtu mbali. RHCSA hauna cha kuchagua. Unakalishwa mbele ya mashine, unapewa kazi, huna intaneti wala daftari lako. Una miongozo iliyomo ndani ya mfumo wenyewe tu. Alama za kufaulu ni 210 kati ya 300. Tena anayesahihisha hahesabu amri ulizoandika. Anakagua mashine imebaki katika hali gani, na Red Hat wanasema wazi kwamba mipangilio yako lazima idumu baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya.

Hapo ndipo mapepa yanapomwangusha mtu. Chukua kazi niliyoitunga mwenyewe: seva ya tovuti, `httpd`, isikilize kwenye poti 8282 na ifikiwe kutoka mashine nyingine. Unabadilisha mstari wa `Listen`, unaiwasha, inakataa. Unasoma `journalctl -u httpd` na kukuta "Permission denied", ilhali wewe ni `root`. Mwenye mamlaka yote amenyimwa ruhusa na nani? Aliyeelewa anamshuku SELinux papo hapo, kisha anahakikisha kwa `ausearch -m AVC -ts recent`. Aliyekariri anaandika `setenforce 0`, huduma inawaka, anafurahi na kuendelea na swali linalofuata. Amri hiyo inakufa mashine inapowashwa upya. SELinux inarudi kazini, `httpd` inakataliwa tena, na alama za kazi hiyo zimekwenda.

Hata aliyeipa poti lebo yake hajamaliza. Tovuti inafunguka kwa `curl` ndani ya seva, lakini mashine ya jirani haiioni, kwa sababu ukuta wa moto umefunga njia. Akifungua bila `--permanent`, njia itafungwa tena kesho. Na akisahau `enable`, huduma haitaamka yenyewe.

```
semanage port -a -t http_port_t -p tcp 8282
firewall-cmd --permanent --add-port=8282/tcp
firewall-cmd --reload
systemctl enable --now httpd
```

Mistari minne tu, na yeyote anaweza kuikariri. Lakini poti ikibadilika, au huduma ikiwa nyingine, au kosa likiwa kwenye lebo ya faili badala ya poti, mistari hiyo haikusaidii kitu. Kinachopimwa ni kujua tabaka lipi limekataa, na umelijuaje. Zaidi ya hayo, kila mtahiniwa hukubali masharti ya usiri. Anayesambaza maswali anaweza kunyang'anywa cheti.

Nanyi mnaoajiri, mkisome cheti hiki kwa kiasi chake. Kinaonyesha kwamba siku ile, peke yake, kwa muda uliopangwa, mtu huyu aliisimamisha mashine ikasimama. Kwa nafasi ya kuanzia hilo ni jambo kubwa. Hakionyeshi kama anaweka nakala rudufu kabla ya kugusa, kama anaandika alichokifanya, au kama anajua lini aache seva ya wateja ilivyo hadi usiku. Seva ya mtihani haina wateja. Basi kwenye usaili mpeni mashine pepe iliyoharibiwa, dakika thelathini, na mwambieni afikiri kwa sauti. Akikimbilia kuzima SELinux kabla ya kusoma kumbukumbu za mfumo, mmeshapata jibu. Na uhalali wa cheti uhakikisheni kwenye ukurasa wa Red Hat wenyewe, si kwa nakala iliyochapishwa, kwani RHCSA hudumu miaka 3.

Kwa mtahiniwa: Rocky Linux na AlmaLinux ni bure na zinafuata mfumo wa Red Hat, na Red Hat nao wana leseni ya bure kwa wasanidi programu. Tengeneza mashine pepe mbili, moja ijaribu kuifikia nyingine. Kila zoezi limalizie kwa `reboot` kabla ya kujipa alama. Kama kazi unazoziwinda hazitumii Red Hat, LFCS ya Linux Foundation nayo ni ya vitendo, huchukua saa 2 na hufanyika nyumbani mbele ya kamera. RHCE, wenye Ansible, usubiri mpaka RHCSA iwe mkononi.