Ndoo 32 ambazo ni 29

Ukikaa kwenye stesheneri hapa Gongoni, Tabora, kuna sentensi utaisikia mpaka uichoke: "Dada, niwekee hii kwa lugha ya kiofisi." Mara nyingi "hii" ni ujumbe wa sauti. Mfanyabiashara kamtumia mteja wake wa Dar es Salaam, mteja kajibu kwamba anataka yote kwa barua pepe ili ampelekee mhasibu. Simu imeshageuza sauti kuwa maandishi, au kijana wa dukani ameyanakili neno kwa neno, na mwenyewe anaamini kilichobaki ni kuyavalisha koti tu.

Huu hapa mfano, nimeutunga kwa sura ya zile ninazoletewa. Muuza asali, mteja wake aliagiza ndoo 40, na sauti ilitumwa Jumapili tarehe 8 Juni 2025:

"Shikamoo mama, samahani nilikuwa Sikonge huko porini mtandao unasumbua sasa ile asali unajua ile ya kwanza tulipata ndoo kumi na nane nikakwambia halafu vijana wakaleta tena kumi na nne kwa hiyo zipo thelathini na mbili zile nane labda wiki ijayo kama wakitoka lakini kwenye hizi kumi na nne kuna mbili aa tatu nishazipima maji zinaonekana nyepesi nyepesi bei ile ile mbili thelathini ila usafiri ndo umepanda ukituma nusu kabla ya Alhamisi mimi Ijumaa napakia basi linatoka saa kumi na moja na zile ndoo mama mara ya mwisho hazikurudi haya"

Na hii ndiyo "lugha ya kiofisi" ambayo mtu angeniletea kwa fahari, akitaka nimwekee nukta na mkato tu:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi yangu inapenda kukujulisha kuwa, licha ya changamoto za kimtandao, jumla ya ndoo thelathini na mbili (32) za asali zimepatikana. Aidha, ndoo nane (8) zitapatikana wiki ijayo. Zoezi la upakiaji litafanyika siku ya Ijumaa mara baada ya malipo ya nusu. Ni matumaini yangu kuwa utalipokea ombi langu."

Watu wananiambia hiyo imenyooka. Imenyooka kwa sababu imekata kila kilichokuwa kimepinda. Ziko wapi zile ndoo tatu nyepesi? Hazipo. "Labda wiki ijayo kama wakitoka" imekuwa "zitapatikana wiki ijayo". Bei imeyeyuka. Nusu ya malipo ni nusu ya ndoo 32 au ya 40? Haisemi. Muuzaji alizungumza kwa tahadhari ya mtu anayeijua kazi yake, mpiga chapa akamfanya atoe ahadi ambayo hakuitoa. Mteja akishapeleka barua hiyo kwa mhasibu, 32 ndiyo idadi, na siku mzigo utakapofika pungufu hakuna atakayetafuta "labda" kwenye sauti ya Jumapili.

Hapo ndipo ninapokosa subira na lugha ya kiofisi. Kosa lake kubwa kuliko kuchosha ni kwamba haina pa kuweka shaka. "Inapenda kukujulisha kuwa" inataka kitu kilichokwisha kutokea. "Zoezi la upakiaji litafanyika" linaficha nani atapakia na kwa sharti gani. Maneno yanayoonekana ya ovyo kwenye mazungumzo, kama labda, nadhani, kama wakitoka na zinaonekana, ndiyo yenye masharti ya biashara. Wanaosafisha huanza kwa kuyafagia hayo.

Na "Husika na kichwa cha habari hapo juu"? Kwenye simu, mteja kabla hajafungua barua huona mada na maneno machache ya mwanzo, basi. Umepewa nafasi hiyo moja ya kumwambia jambo, nawe unaitumia kumwelekeza atazame mada ambayo jicho lake limetoka kuitazama sasa hivi. Nikisema hivi naambiwa ndiyo adabu yetu. Sikubali. Barua za zamani za pwani, zile za hati ya Kiarabu, zilikuwa na salamu ndefu kuliko za leo, lakini salamu zilikuwa za mtu kwa mtu, na zikiisha mwandishi husema "ama baadu" akaingia kwenye shauri lake. Weka shikamoo yako, ni mstari mmoja na mama wa watu anaistahili. Kichwa cha habari hakisalimiani na mtu.

Kazi yenyewe huanza kwa kurudi kwenye sauti. Nakala ya simu usiiamini peke yake, hasa penye ukanushaji. Tazama tena mfano: "nishazipima maji zinaonekana nyepesi nyepesi." Mtu aliyekwisha kupima hasemi zinaonekana, husema zimesoma ngapi. Ukisikiliza kwa makini utakuta alisema "sijazipima". Kwa mtu anayesema haraka, tofauti ya "sija" na "nisha" ni pumzi moja, na simu haikusimama kujiuliza. Kwa asali hilo si dogo: kiwango cha kimataifa cha Codex kwa asali ya kawaida kinaishia asilimia 20 ya maji, na ikizidi hapo iko kwenye hatari ya kuchacha ndani ya ndoo. Kwa hiyo kila "si", "ha", "ja" na "sha" ninaipitia kwa sikio, pamoja na kila namba na kila siku.

Kisha kuna kujisahihisha. Tuliofundishwa uhazili hapa Tabora, kwenye chuo ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, tulipigwa imla za hatimkato za maneno 80 kwa dakika, na jambo la kwanza kujifunza ni kwamba bosi akisema "mbili, aa, tatu" unaandika tatu. Ila kwenye barua ya fedha namwuliza mwenyewe kwanza.

Namwuliza pia yale ambayo sauti haikuyafunga. "Mbili thelathini" ni Sh 230,000, sawa, kwa ndoo ya lita ngapi? Lita 20, kasema. Hilo nalitaka liandikwe, kwa sababu ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kama kilo 28, na mnunuzi anayefikiria kwa kilo atapiga hesabu nyingine kabisa akidhani 20 ni kilo. Nusu ya zipi? Za zilizo tayari. "Kabla ya Alhamisi" ni Jumatano, au Alhamisi yenyewe inafaa? Inafaa, mwisho saa 10 jioni. "Wiki ijayo" iliyosemwa Jumapili na kusomwa Jumatatu ni wiki mbili tofauti, kwa hiyo natia tarehe. Saa 11 ni ya alfajiri. Maswali matano, simu ya dakika tatu, na barua imekwisha kujiandika nusu.

Kilichobaki ni mpangilio. Msemaji alifuata kumbukumbu yake: nilikokuwa, shehena ya kwanza, vijana, ya pili. Msomaji anataka kujua anapata nini, alipe nini, lini. Toa tatu zisizopimwa kwenye 32, na jibu la kweli kwa mama huyu ni 29:

Mada: Asali: ndoo 29 tayari, nusu ya malipo kufikia Alhamisi 12 Juni

Mama, shikamoo.

Kati ya ndoo 40 ulizoagiza, 29 ziko tayari na ninaweza kuzipakia Ijumaa tarehe 13 Juni, kwa basi la saa 11 alfajiri. Ili nipakie siku hiyo, naomba nusu ya malipo yake, Sh 3,335,000, iwe imeingia kufikia Alhamisi tarehe 12 Juni, saa 10 jioni.

Bei ni ile ile, Sh 230,000 kwa ndoo ya lita 20, yaani Sh 6,670,000 kwa ndoo 29. Usafiri haumo. Umepanda, na kiasi kamili nitakutumia kesho Jumanne.

Ndoo 11 zilizobaki sizihesabu bado. Tatu ninazo lakini zinaonekana nyepesi, na sijazipima maji. Majibu nitakupa Jumatano tarehe 11. Nane zinategemea warina asali watoke porini. Huenda ikawa wiki ya tarehe 16 Juni, ila siahidi.

Nijulishe kama nipakie hizi 29 au nisubiri zitimie 40.

Hakuna neno gumu humo, na kila "labda" ya mwenyewe imebaki mahali pake. Shehena ya 18 na ya 14 zimeondoka kwa sababu mteja hana la kuzifanyia. Sikonge na mtandao vimeondoka pia. Samahani hiyo ilishasikika Jumapili, na mhasibu haihitaji.

Mengine haraka haraka, maana foleni ipo. Kama jambo ni moja na halina fedha, jibu kwa WhatsApp na usimsumbue mtu kwa barua pepe. Kama ni bei tupu, tengeneza profoma ya ukurasa mmoja, iambatishe, na barua iwe mistari mitatu. Kama umeshatuma sauti na ukagundua namba imekosewa, andika kwenye barua kwamba namba hii inachukua nafasi ya ile ya Jumapili. Usinyamaze ukidhani hataikumbuka. Mteja akijibu kwa sauti, mwandikie ulivyomwelewa kwa mistari miwili na umwombe athibitishe, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua rekodi za kielektroniki, na ukifika kwenye mzozo utapenda kuwa na sentensi iliyoandikwa kuliko sauti yenye kelele za stendi. Mteja asiyetumia saa zetu mwandikie "5:00 alfajiri, saa za Tanzania". Na kabla ya kutuma, msomee mwenye mali barua nzima kwa sauti. Akikukatiza kusema "sikusema hivyo", hapo ndipo pa kurekebisha.

Zile ndoo tupu ambazo hazikurudi sikuzisahau. Mwenyewe alizisema mwisho kabisa kwa sababu zinamuuma, na anataka ziwemo. Nilimwambia tuziandikie barua yake peke yake, yenye idadi na tarehe zilipotoka, na iende baada ya Sh 3,335,000 kuingia.